Nani Humtii Mwenyekiti Asipoonekana?

Kakao haitengenezwi ghalani. Inapofika kwenye mzani wa chama cha ushirika, kazi kubwa ilishafanyika wiki mbili nyuma, ndani ya sanduku la mbao au chini ya majani ya migomba, uani kwa mkulima wa Busale, Ipinda au Ngonga. Mwenyekiti wa chama anaweza kuwa na muhuri, ufunguo wa ghala na kiti cha mbele mkutanoni, lakini katika zile siku tano au sita ambazo punje zinavundikwa hayupo. Katibu wake hayupo, na hakuna mgambo wa kumlinda mtu asianike kakao kabla haijaiva. Ndiyo maana chama cha wakulima wa kakao wilayani Kyela kinatufaa sana kwa swali hili: kiongozi ana nguvu gani hasa, na ipi kati ya hizo hufanya kazi akiwa ameshapanda pikipiki na kuondoka? Hoja yangu ni kwamba viongozi wengi huchagua nguvu ya kutumia kwa kuangalia ipi wanayo mkononi, ilhali wangepaswa kuanza na jambo jingine: kama wataweza kumwona anayetakiwa kutii wakati anapofanya jambo lenyewe.

Mgawanyo wa nguvu za kiongozi unaofundishwa katika vyuo vya uongozi ulitolewa mwaka 1959 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven. Walitaja vyanzo vitano. Mtu hukutii kwa sababu una cheo anachokubali kuwa ni halali. Au unaweza kumpa kitu. Au unaweza kumnyima na kumuumiza. Au unajua asichokijua. Au anakupenda na angetaka kufanana nawe. Baadaye Raven akaongeza cha sita, taarifa, kwa sababu aliona kwamba kumwamini mjuzi ni jambo moja na kuelewa sababu yenyewe ni jambo jingine. Orodha hiyo inajulikana, na wengi huikariri kama majina ya miezi. Kinachosahaulika ni kile walichokisema kuhusu tofauti ya vyanzo hivyo: zawadi na adhabu hufanya kazi pale tu ambapo mtoaji anaweza kuona kama ametiiwa, na ujuzi hauna sharti hilo. Mwenye kuogopa faini hutii mbele ya macho ya mtoza faini. Aliyeshawishika kwamba punje isiyovundikwa vizuri itatoka chungu ataifunika vizuri hata usiku wa manane.

Tuanze na cheo, kwa kuwa ndicho kinachogombewa. Pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ina ushahidi wake wa siku nyingi kuhusu cheo, na umeandikwa vizuri. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, wakati Kyela ingali sehemu ya wilaya ya Rungwe, na maelezo yao yanaonyesha kwamba malafyale, chifu wao, hakuwa mtawala wa kukaa juu ya watu tu. Alipata nafasi yake kupitia ubusoka, sherehe kubwa ya kukabidhi nchi kwa kizazi kipya, na wakuu wa vijiji waliosimama pamoja naye, amafumu, walichaguliwa kutoka kwa watu wa kawaida, si kutoka ukoo wake. Alitarajiwa kuchinja na kulisha. Akila peke yake, watu walinung'unika, na manung'uniko ya majirani, ile pumzi ya watu, yaliaminika kuwa yanaweza kumletea hata mkubwa ubaridi na ugonjwa. Tena mtu asiyeridhika angeweza kuhamia kwa malafyale mwingine na ng'ombe wake. Kwa maneno mengine, cheo kilikuwepo na kiliheshimiwa, lakini bomba lake lilitoka chini, na waliokuwa chini walijua pa kulifungia.

Utawala wa Kiingereza ulipowafanya machifu kuwa mamlaka za wenyeji, pamoja na mishahara na mahakama, bomba lile liligeuzwa upande. Nguvu sasa ilitoka juu. Ilionekana kubwa zaidi, maana ilikuwa na serikali nyuma yake, lakini mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria, na kilichotolewa na serikali kikachukuliwa na serikali. Mwenyekiti wa chama cha ushirika leo yuko katikati ya hali hizo mbili. Amechaguliwa na mkutano mkuu, kura moja kwa kila mwanachama bila kujali ukubwa wa shamba, na wakati huohuo anasimamiwa na mrajisi kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Cheo hicho kinampa mambo ya maana: kuitisha kikao, kuweka ajenda, kutia sahihi, kusema kwa niaba ya chama mbele ya mnunuzi. Hakimpi neno katika sanduku la kuvundikia la mtu. Mwenyekiti anayesimama mkutanoni na kutangaza kwamba kuanzia leo kila mwanachama atavundika kwa siku sita ametumia cheo mahali ambapo cheo hakifiki. Watapiga makofi, na watarudi nyumbani kufanya kama jana.

Baada ya makofi hayo kutozaa kitu, hatua inayofuata kwa kawaida ni vitisho, na hapa Kyela ina mfano ambao kila mkulima anaufahamu. Kakao mbichi hununuliwa ikiwa bado na utelezi wake, kabla ya kuvundikwa na kukaushwa, katika biashara ambayo wenyeji huiita njemke. Imepigwa marufuku na viongozi mara kwa mara, na bado ipo. Si vigumu kuona kwa nini. Marufuku inahitaji jicho, na jicho la kutosha kila kichochoro cha bonde lile lenye migomba, mito na mvua halipo. Adhabu isiyo na macho hufanya jambo moja kwa uhakika: huhamisha biashara kutoka mchana kwenda usiku, na kumfanya mkulima amwogope kiongozi wake kuliko anavyomwogopa anayemnyonya. Baada ya hapo mwanachama huyo hatamwambia mwenyekiti kwamba ana shida ya ada au mgonjwa hospitalini. Ataficha, na kiongozi atakuwa amepoteza habari ambayo ingemsaidia kuliko faini kumi.

Tukitazama njemke kama shindano la nguvu, tunaona kwamba mnunuzi wa usiku ana nguvu ya kutoa, na anaitumia kwa ustadi. Anatoa fedha taslimu, leo, mlangoni. Chama nacho kinatoa fedha, na kwa kawaida nyingi zaidi, lakini baada ya kuvundika, kukausha, kupima, kusubiri mnada na kusubiri malipo yaingie. Tangu kakao ya Kyela ianze kuuzwa kwa minada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ushindani wa wanunuzi umekuwa wa wazi zaidi, na mwaka 2024, mavuno yalipopungua Afrika Magharibi na bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani, mkulima wa Kyela naye aliionja neema hiyo. Lakini zawadi haipimwi kwa ukubwa peke yake. Inapimwa pia kwa muda wa kuingoja, na kwa mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, shilingi ya Ijumaa ijayo na ya leo si sawa.

Kuna kasoro ya pili katika nguvu ya zawadi, na hii hujificha zaidi. Kakao ya wanachama ikichanganywa na kuuzwa kama shehena moja, bei inakuwa moja kwa wote. Aliyevundika siku sita na kugeuza mara mbili analipwa kwa kilo sawasawa na aliyeanika siku ya pili. Zawadi ipo, lakini haimfuati aliyestahili. Hapo mwenyekiti akisema "vundikeni vizuri mpate bei nzuri," anaahidi kitu asichokimiliki. Bei ni ya mnunuzi, na sehemu ya bei hiyo ni ya uzembe wa jirani. Mkulima makini huligundua hilo baada ya msimu mmoja, na kinachopungua wakati huo ni imani yake kwa neno la mwenyekiti. Kwa hiyo ushauri wangu kwa bodi yoyote ya namna hii ni huu: kabla ya kutumia zawadi, hakikisheni mnaweza kuitenganisha. Magunia ya daraja la juu yapokelewe peke yake, yawekewe alama na yauzwe kama shehena yake, hata kama mwanzoni ni machache. Kama hilo haliwezekani msimu huu, ni bora kunyamaza kuhusu bei kuliko kuahidi.

Sasa tufike kwenye ujuzi, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu ndio chanzo ambacho viongozi wa vijijini hukidharau, wakidhani ni cha bwana shamba. Kuvundika kakao si kuificha tu ipate joto. Utelezi mweupe unaozunguka punje una sukari. Katika siku moja na nusu au mbili za kwanza, chachu huila sukari hiyo na kuigeuza pombe. Maji hutiririka, kwa hiyo sanduku lazima liwe na matundu chini. Kisha punje hugeuzwa ili hewa iingie, na bakteria wanaohitaji hewa huigeuza pombe ile kuwa siki. Hapo ndipo joto hupanda hadi kati ya nyuzi 45 na 50, kiini cha punje hufa, na mabadiliko yanayoleta harufu ya chokoleti huanza ndani. Asiyegeuza huzinyima punje hewa. Mwenye kiasi kidogo mno cha punje hukosa joto, kwa kuwa lundo dogo hupoa. Na anayetoa siku ya pili amekatisha kazi wakati ndiyo kwanza inaanza. Baada ya hapo ni kuanika juu ya vichanja, kugeuza mara kwa mara, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7. Ukizidi 8, ukungu unakaribishwa, na katika wilaya inayopata mvua nyingi kama Kyela, hasa kuanzia Machi hadi Mei, hilo si jambo la kufikirika.

Kiongozi anayejua haya ana nguvu gani? Akiyasema tu, ana kidogo. Ujuzi huwa nguvu pale unapoonekana ukisema kweli mbele ya watu, na kakao ina jaribio linalofanya hivyo kwa kisu na ubao. Punje huchukuliwa bila kuchagua kutoka magunia mbalimbali. Kipimo rasmi cha kimataifa ni punje 300, ila kwa mafunzo ya kijijini 50 au 100 zinatosha kuonyesha jambo. Hukatwa katikati kwa urefu na kupangwa kwa mistari. Iliyoiva vizuri ni ya kahawia na ina mipasuko ndani kama ardhi iliyokauka. Iliyoiva nusu ni ya zambarau. Isiyovundikwa ni ya kijivu, imeshikana kama kigae. Yenye ukungu hujionyesha yenyewe. Mwanachama akikatiwa punje zake mwenyewe mbele yake, na za jirani pembeni, hahitaji kuambiwa ametenda vibaya. Zaidi ya hapo, anaweza kwenda nyumbani na kurudia jaribio hilo kwa kisu cha jikoni. Hapo ndipo tofauti na faini inapojitokeza: mkaguzi sasa ni yeye mwenyewe, na yupo nyumbani siku zote sita.

Nguvu ya ujuzi ina mpaka, na mpaka huo viongozi huuvuka mara nyingi. French na Raven walishaonya kwamba mjuzi anayejaribu kuusukuma ujuzi wake nje ya eneo lake hupoteza hata imani aliyokuwa nayo. Mzee anayevundika kakao vizuri kuliko wote si lazima ajue kusoma mizania. Mhasibu hodari si lazima ajue kwa nini lundo la kilo kumi halipati joto. Mwenyekiti mwenye busara haoni haya kumkalisha mwanamke mkulima wa kijiji cha pili mbele ya ubao wa kukatia, yeye akakaa pembeni na kusikiliza. Wapo watakaosema hilo linampunguzia hadhi. Nadhani linafanya kinyume: anaonyesha kwamba anajua ujuzi uko wapi, na hicho nacho ni kitu cha kujua. Kinachomshusha ni kujibu swali la kuvundika kwa kubahatisha, kisha wote wakaona rangi ya zambarau kwenye ubao.

Baada ya ujuzi kuna taarifa, na hapa turudi kwa njemke, lakini tukiwa na kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi wa usiku anatoa shilingi 3,000 kwa kilo ya kakao mbichi, na kakao kavu mnadani ni 10,000. Mkulima ana kilo 100 mbichi. Kwa kawaida zitabaki kati ya kilo 35 na 40 zikikauka, tuchukue 38. Usiku ule angepata 300,000. Akisubiri, 380,000 kabla ya makato ya chama. Tofauti ni 80,000, na ndani yake atoe kazi ya siku kumi na zaidi ya kuvundika na kuanika, makato, na hatari ya mvua. Hesabu hii inasema mambo mawili kwa pamoja. Inamwonyesha mkulima kwamba anapoteza. Inamwonyesha pia mwenyekiti kwamba mkulima yule si mjinga, maana kwa bei hizo tofauti si kubwa kiasi cha kumfanya mtu mwenye dharura asubiri. Mnunuzi akishusha hadi 2,000, hasara inakuwa 180,000, na hapo ushauri wa kusubiri una meno. Kiongozi anayebandika hesabu hiyo ofisini kila wiki, kwa bei halisi za wiki hiyo, amempa mwanachama kitu cha kuamulia mwenyewe. Anayesema tu "mnaibiwa" ametoa kelele.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya linajulikana: kiongozi akigawa taarifa na ujuzi wote, atabaki na nini? Kuna ukweli ndani yake. Taarifa ndiyo nguvu pekee inayohama kabisa kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, na mwanachama anayejua kusoma stakabadhi, makato na bei ya mnada ataanza kuuliza maswali magumu, baadhi yake ya kuudhi. Lakini tuangalie kinachotokea zikifichwa. Katika chama ambacho uzito unasomwa na mtu mmoja aliyeupa mgongo umma, na bei hufika siku tatu baadaye kwa mdomo, mwenyekiti mwaminifu na mwizi wanafanana kabisa machoni pa wanachama. Mwaminifu ndiye anayeumia zaidi kwa kufanana huko. Manung'uniko yale waliyoyaandika akina Wilson hayahitaji ushahidi ili yaanze. Yanahitaji giza tu. Mzani ukigeuzwa kuwaelekea wanachama, na matokeo ya mnada yakabandikwa siku hiyohiyo pamoja na orodha ya makato, kiongozi amepoteza nafasi ya kunong'onezwa na kubembelezwa. Hiyo ilikuwa nguvu kweli, ila haikuwahi kuvundika hata gunia moja.

Pingamizi la pili ni la watu wenye uzoefu, na silipuuzi: kwamba wapo wanaoelewa kila kitu, wamekata punje, wamesoma hesabu, na bado wataleta gunia lenye unyevu au kokoto kwa kuwa uzito ni pesa. Kwa hao ujuzi hautoshi. Ila tuone ni wapi hasa wanapokutana na chama: kwenye mzani, mchana, mbele ya foleni. Hapo kiongozi anaona, kwa hiyo hapo adhabu inafaa. Kipima unyevu kiwekwe kando ya mzani, gunia lililozidi kiwango lirudishwe likaanikwe, na sheria iwe ileile kwa shemeji wa mwenyekiti. Gunia la kwanza kurudishwa likiwa la mjumbe wa bodi, kazi ya nusu msimu imekwisha asubuhi moja. Likipitishwa kwa sababu ni lake, kipima unyevu kinageuka pambo. Adhabu ya namna hii haina haja ya ukali wala matusi. Inahitaji kipimo kinachoonekana na mkono usiotetemeka.

Nimeacha mwisho nguvu ya kupendwa, kwa sababu ndiyo isiyoweza kupangwa katika ajenda. Mtu haamui Jumatatu kuwa mfano wa kuigwa. Lakini katika kijiji ambacho kila ua unaonekana na jirani, kichanja cha mwenyekiti mwenyewe husomwa kuliko hotuba yake. Kikiwa na kakao iliyotoka sandukuni siku ya pili, mafunzo yote ya ubao na kisu yatachekwa njiani. Kwa hiyo bodi inayotaka kuanza kazi hii msimu ujao ianze na punje za wajumbe wake: zikatwe hadharani siku ya mkutano mkuu, kabla ya za mwanachama yeyote, matokeo yasomwe kwa sauti, ya zambarau yahesabiwe, na ndipo ajenda nyingine zifuate.